Je, Wajua? Waifai Isiyotaja Jina Lake

Je, wajua kwamba waifai iliyofichwa haijanyamaza hata kidogo? Ruta yake inarusha matangazo hewani kama ruta nyingine yoyote, takriban mara 10 kila sekunde. Mpangilio wa kawaida ni tangazo moja kila baada ya milisekunde 102.4. Ndani ya tangazo hilo mna namba ya kifaa, chaneli inayotumika, kasi zinazokubalika na hata aina ya usalama. Kinachokosekana ni jina peke yake. Sehemu ya jina ipo palepale, ila imeachwa tupu, au imejazwa sufuri. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya Windows utakuta katika orodha kitu kinachoitwa `Hidden Network`. Kompyuta imelisikia tangazo vizuri, ikakuta mahali pa jina hapana kitu.

Je, wajua ni nani anayeanza kusema kati ya simu na ruta ya namna hiyo? Kwa mtandao wa kawaida simu inaweza kukaa kimya ikasikiliza, ikapata majina, ikakuonyesha. Kwa mtandao uliofichwa, simu ndiyo inayopiga hodi, na hodi yenyewe lazima itaje jina. Ruta ikisikia jina lake kamili, hujibu. Ikisikia jina jingine, au wito wa jumla usiomtaja mtu, hukaa kimya kana kwamba nyumba haina mwenyewe. Basi yote unayojaza kwa mkono, jina, aina ya usalama na ile alama ya kuwa mtandao umefichwa, kazi yake ni kuufanya wito huo utoke, na utoke ukiwa sahihi.

Tuchukue mfano wa kudumu nao. Ofisi moja ndogo ya Ng'ambo, Unguja, ina mtandao wa wafanyakazi ambao haujitangazi. Fundi aliyeufunga amebandika kadi nyuma ya mlango wa stoo, na juu yake kuna mistari mitatu: jina ni `Ng'ambo Ofisini`, usalama ni `WPA2`, nenosiri ni `kahawa-tungu-58`. Mfanyakazi mpya anakuja na simu ya Android.

Kwenye simu nyingi za Android atafungua sehemu ya waifai katika mipangilio, atashuka hadi chini kabisa ya orodha, na atagusa `Add network`. Patafunguka kisanduku cha jina, kilichoandikwa `Network name` au `SSID`, na menyu ya `Security`. Akishachagua usalama ndipo kisanduku cha nenosiri kitakapojitokeza. Chini yake kuna `Advanced options`, na ukiifungua utakuta swali moja dogo: `Hidden network`, lenye majibu mawili, `Yes` na `No`.

Je, wajua kwamba swali hilo dogo ndilo linalowapotezea watu muda kuliko mengine yote? Kwenye simu nyingi jibu lililowekwa tayari ni `No`, na limejificha ndani ya menyu ambayo wengi hawaifungui. Mtu ataandika jina sawasawa, atachagua usalama unaotakiwa, ataweka nenosiri lisilo na kasoro, atabonyeza `Save`, na simu itapokea bila kunung'unika. Kisha haitatokea kitu. Mtandao utakaa kwenye orodha umeandikwa `Saved`, siku nenda siku rudi. Simu imeweka kumbukumbu, lakini hakuna aliyeiambia kwamba mtandao huu unahitaji kuitwa, kwa hiyo inasubiri ruta ijitaje, na ruta haijitaji. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Kwenye aifoni swali hilo halipo. Unaingia `Wi-Fi`, unashuka mwisho wa orodha ya mitandao, unagusa `Other`, unajaza `Name`, unachagua `Security`, unaandika nenosiri, kisha `Join`. Kwenye Windows zipo njia mbili, na zinatofautiana kwa jambo linalofurahisha. Ukibonyeza ile `Hidden Network` iliyomo kwenye orodha, kompyuta itakuuliza jina, halafu nenosiri, basi. Haikuulizi aina ya usalama kwa sababu imekwisha kuisoma kwenye tangazo lisilo na jina. Lakini ukipitia `Manage known networks` na `Add network`, unautengeneza mtandao pasipo ruta kuwapo karibu, pengine uko nyumbani unajiandaa kwa kazi ya kesho. Hapo kompyuta haina ilichosikia, kwa hiyo itakuuliza usalama, na itakupa kisanduku cha kutia tiki kilichoandikwa `Connect even if this network is not broadcasting`. Ukikisahau, umerudi kwenye shida ileile ya Android.

Je, wajua kwamba kwa ruta, `Ng'ambo Ofisini` na `ng'ambo ofisini` ni majina mawili yasiyojuana? Herufi kubwa na ndogo hazibadilishani, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa kama herufi. Hata nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni, inahesabiwa. Kibodi nyingi za simu zina tabia ya kuongeza nafasi kila unapochagua neno kutoka kwenye yale zinayokupendekezea, kwa hiyo ukiligusa neno `Ofisini` pale juu ya kibodi badala ya kuliandika herufi kwa herufi, unaweza kuwa umeandika jina lenye mkia. Rudisha kishale mwisho wa jina na ubonyeze kufuta mara moja. Ikifutika `i`, mkia haukuwapo, irudishe.

Ritifaa ndiyo mtego wa majina yetu. Sisi tuna Ng'ambo, tuna ng'ombe, tuna kuning'inia na Nyang'oro. Kompyuta ina ritifaa mbili: ile iliyonyooka, ambayo inapatikana kwenye kibodi, na ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze. Fundi alipoipa ruta jina alibonyeza iliyonyooka. Alipoandaa kadi ya kubandika mlangoni, programu ya kuandikia ikaipindisha. Ukiisoma kadi kwa macho na kuandika kwa vidole utafika. Ukinakili jina kutoka kwenye faili lilelile la kadi, au kwenye ujumbe aliokutumia mtu aliyelinakili humo, umebeba herufi nyingine kabisa. Kwenye skrini ndogo ya simu tofauti haionekani.

Na si sura tu. Jina la waifai linaruhusiwa baiti 32 na si zaidi. Ritifaa iliyonyooka ni baiti 1, iliyopinda ni baiti 3. `Ng'ambo Ofisini` kwa ritifaa ya kwanza ni baiti 15, kwa ya pili ni 17. Ruta inalinganisha baiti kwa baiti, kwa hiyo haina namna ya kuona kwamba ulikusudia jina lilelile.

Ushauri wangu kwa mafundi wa huku kwetu, kama ni lazima mtandao ufichwe: jina liwe la herufi ndogo tupu, lisiwe na nafasi wala ritifaa. `ofisini7` halina mvuto, lakini hakuna atakayekupigia simu usiku.

Je, wajua kwa nini simu inakuuliza aina ya usalama badala ya kujaribu yenyewe mpaka ipate? Kwa sababu kwa simu, mtandao hautambulikani kwa jina pekee. Unatambulikana kwa jina pamoja na usalama wake. Kwa Android, `Ng'ambo Ofisini` wa `WPA2` na `Ng'ambo Ofisini` usio na nenosiri ni mitandao miwili tofauti, na inafaa iwe hivyo. Vinginevyo mtu yeyote angeweza kukaa nje ya ofisi na ruta ya mfukoni, akaipa jina hilohilo bila nenosiri, na simu zote za wafanyakazi zikamkimbilia. Ubaya wake ni kwamba ukichagua `None` kwa mtandao wa `WPA2`, simu itautafuta mtandao wa jina hilo usio na ulinzi, haitauona, na itabaki na lile neno lake `Saved`.

Menyu yenyewe inaweza kutisha, lakini kwa kawaida uamuzi ni mmoja tu. `WEP` ilikuja na kiwango cha kwanza cha waifai mwaka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha jinsi ya kuivunja. Ukiambiwa na mtu uichague leo, tatizo la mtandao huo si jina kufichwa. `WPA` ilifuata 2003 kama kiraka, `WPA2` ikaja 2004, na `WPA3` ikatangazwa 2018. Ofisi nyingi na nyumba nyingi ziko kwenye `WPA2`, ambayo simu huiandika `WPA/WPA2-Personal`. Ruta mpya huweza kuwekwa katika hali ya mchanganyiko, inayokubali `WPA2` na `WPA3` kwa pamoja. Hapo chagua ile ambayo simu yako inaijua. Android ilianza kuijua `WPA3` kwenye toleo la 10, mwaka 2019. Kama ruta imewekwa `WPA3` peke yake, simu ya zamani kuliko hapo haitaingia hata ukiandika jina kwa wino wa dhahabu.

Ukiona baada ya kuchagua usalama simu inakuuliza jina la mtumiaji, cheti na mambo ya `EAP`, umechagua `Enterprise`. Hiyo ni ya vyuo na mashirika ambayo kila mtu ana akaunti yake. Kama kadi ina nenosiri moja la wote, rudi nyuma.

Je, wajua kwamba unaweza kuupata usalama wa mtandao bila kumtafuta fundi? Kama mwenzako ana kompyuta ya Windows iliyokwisha kuunganishwa, afungue dirisha la amri na aandike:

```
netsh wlan show interfaces
```

Mbele ya `SSID` atakuta jina lilivyo hasa, na mbele ya `Authentication` atakuta mathalani `WPA2-Personal`. Mambo mawili yaliyokuwa yakikusumbua, katika skrini moja.

Je, wajua kwamba kuambiwa nenosiri si sahihi ni habari njema? Hii ni kwa mtandao uliofichwa tu, na mafundi wazoefu huitumia kama kipimo. Ruta iliyofichwa haijibu wito wenye jina lenye kasoro. Kwa hiyo kama jina lina hitilafu, hutafika hatua ya nenosiri kabisa: Android itabaki imehifadhi bila kuunganisha, na aifoni itakwambia mtandao haukupatikana. Simu ikikataa nenosiri lako, ina maana imeita, imejibiwa, imeingia hadi mlango wa pili. Jina ni sahihi, usalama ni sahihi, alama ya kufichwa imekaa, na ruta iko karibu. Usiguse vitu hivyo tena. Andika upya nenosiri peke yake.

Rudi kwa mfanyakazi wetu wa Ng'ambo. Amejaza yote na simu imeandika `Saved`. Nenosiri halina hatia, kwa sababu halijaulizwa. Anaufuta mtandao kwa kugusa `Forget`, maana simu nyingi hazikuruhusu kurekebisha jina lililokwisha kuhifadhiwa. Anaanza upya, anaandika jina herufi kwa herufi bila kukubali mapendekezo ya kibodi, anafungua `Advanced options` na kuweka `Yes`. Safari hii simu inamwambia aangalie nenosiri. Anaangalia kadi tena: alidhani `tungu` limeandikwa kimakosa akaweka `chungu`, kama wanavyosema Bara. Anarekebisha, anaingia.

Nenosiri la `WPA2` haliwi chini ya herufi 8 wala haliwi zaidi ya 63. Kitufe cha kuhifadhi kikikaa rangi ya kijivu na hakibonyezeki, hesabu herufi zako.

Je, wajua kwamba jina la mtandao ni sehemu ya ufunguo wenyewe? Hili wengi waliofunga ruta kwa miaka hawajawahi kuambiwa. Katika `WPA2` ya nyumbani, nenosiri unaloandika halitumiki lilivyo. Simu hulichukua nenosiri na jina la mtandao, huyapitisha pamoja katika hesabu inayorudiwa mara 4,096, na kinachotoka ni ufunguo wa biti 256. Ruta nayo imefanya hesabu hiyohiyo upande wake. Nenosiri `kahawa-tungu-58` kwenye mtandao wa jina `ofisini7` lingetoa ufunguo usiofanana kwa lolote na ule wa `Ng'ambo Ofisini`.

Jina liliingizwa humo kwa makusudi. Kama ufunguo ungetoka kwenye nenosiri tu, mwizi angekokotoa funguo za mamilioni ya maneno mara moja, akazitumia dunia nzima. Kwa kuwa jina limo, inambidi aanze upya kwa kila jina. Watu walikwisha kutengeneza majedwali ya funguo zilizokokotolewa kabla, lakini kwa majina ya kawaida, kama `linksys` na `default`, ambayo wenye ruta hawakuyabadilisha tangu kiwandani. Kwa hiyo jina la kipekee linalotangazwa waziwazi linakulinda kwa namna ambayo jina la kiwandani lililofichwa halikulindi.

Je, wajua kwamba jina lililofichwa hupitishwa hewani bila kufungwa kwa siri yoyote? Kila simu inapoita, inalitaja. Ruta inapojibu, inalitaja. Simu inapoomba kujiunga, inalitaja tena, na yote hayo hutokea kabla ya ufunguo kuanza kazi. Mtu aliyekaa jirani na kompyuta yenye programu ya kusikiliza mawimbi, kwanza ataona mtandao ulioandikwa `<length: 0>`, na mfanyakazi wa kwanza akiingia asubuhi na simu yake, maandishi hayo yatabadilika kuwa jina kamili. Huhitaji kuwa jasusi. Jina la waifai halikutengenezwa liwe siri, na kulificha ni kulitoa kwenye orodha ya macho ya wapita njia, basi.

Sasa linakuja jambo ambalo kwa maoni yangu linapaswa kuandikwa kwenye kila kadi ya mlangoni. Ukiweka `Yes` kwenye ile `Hidden network`, simu yako haijui kama uko ofisini au uko Forodhani unakula urojo. Inachojua ni kwamba kuna mtandao usiojitaja, na njia pekee ya kugundua kama upo ni kuuita. Basi huuita popote unapokwenda: sokoni, kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam, hospitalini. Ruta ya ofisi imeacha kulitangaza jina mahali pamoja, na simu za wafanyakazi wote zimepokea kazi hiyo kulitangaza mji mzima.

Waliotengeneza simu wanalijua hili. Android hukuonya pale pale unapochagua `Yes`, kwamba simu itakuwa ikitangaza mara kwa mara kuutafuta mtandao, na kwamba hilo linaweza kuwa hatari kwa usalama. Apple kwa upande wake huwashauri wenye ruta waizime kabisa hali ya kuficha jina. Tangu Android 10, na aifoni tangu toleo la 14 la mwaka 2020, simu hutumia namba ya kifaa ya kubahatisha ili isifuatiliwe kwa urahisi. Lakini namba inafaa nini kubadilika, ikiwa simu hiyohiyo inaita `Ng'ambo Ofisini` kila mahali? Hakuna simu nyingi mjini zinazoita jina hilo.

Kuna na la pili. Aliyelisikia jina anaweza kuwasha ruta yake na kuipa jina hilo, akajibu simu inapoita. Kwa kuwa hajui nenosiri hawezi kuikamilisha safari, lakini katika yale mazungumzo ya mwanzo ya `WPA2` simu hutoa uthibitisho unaotokana na ufunguo. Mwizi huenda nao nyumbani na kujaribu maneno kwa maelfu bila mtu kumwona. Nenosiri refu lisilokisika humchosha; `12345678` humchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. `WPA3` iliziba tundu hili.

Je, wajua kwamba chaneli nayo inaweza kuuzika mtandao uliofichwa? Kwenye gigahazi 5, chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa pamoja na rada, zikiwamo za hali ya hewa, na katika nchi nyingi simu hairuhusiwi kuanza kupiga kelele humo. Lazima kwanza isikilize. Kwa mtandao wa kawaida hilo halina neno, maana tangazo litakuja na jina. Kwa mtandao usiojitaja, simu ambayo kazi yake ilikuwa kuita imezuiwa kuita mpaka isikie kwanza kwamba kuna mtu kwenye chaneli hiyo. Dalili yake ni simu inayounganishwa leo baada ya dakika mbili, kesho mara moja, keshokutwa hainasi kabisa, na yote umeyaandika sawasawa. Fundi akiihamishia ruta kwenye chaneli za 36 hadi 48, malalamiko hupungua.

Simu ya bei nafuu isiyo na gigahazi 5 haitausikia mtandao wa gigahazi 5, uwe umefichwa au haukufichwa. Uliza kabla ya kuhangaika na ritifaa.

Halafu kuna wale wanaoficha jina na papo hapo wanaorodhesha kwenye ruta namba za vifaa vinavyoruhusiwa. Mgeni ataandika kila kitu vizuri na bado atakataliwa, kwa sababu simu yake inatumia namba ya kubahatisha ambayo haimo kwenye orodha. Dawa ni kwenda kwenye maelezo ya mtandao huo ndani ya simu, kuchagua itumie namba yake halisi, na kumpa fundi namba hiyo.

Je, wajua kwamba ule mraba wa madoadoa wa kuskani unaweza kubeba habari kwamba mtandao umefichwa? Ndani yake mna mstari mmoja wa maandishi, na kwa ofisi yetu ungekuwa hivi:

```
WIFI:T:WPA;S:Ng'ambo Ofisini;P:kahawa-tungu-58;H:true;;
```

`T` ni usalama, na `WPA` hapo inatosha hata kwa `WPA2`. `S` ni jina, `P` ni nenosiri, na `H:true` ndiyo inayoiambia simu iite. Ikiachwa nje, mgeni ataskani, simu itasema imeongeza mtandao, na atakaa akisubiri kama yule wa kwanza. Mwenzako mwenye Android aliyekwisha kuunganishwa akigusa `Share` kwenye mtandao huo, simu yake hutengeneza mraba wenyewe, na ritifaa inatoka ileile ya fundi. Kwa jina lenye mitego hii ndiyo njia ninayoipenda.

Kwenye kompyuta ya Linux ni amri moja, na maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi:

```
nmcli device wifi connect "Ng'ambo Ofisini" password "kahawa-tungu-58" hidden yes
```

Printa na kamera ni kesi nyingine. Baadhi hazina mahali pa kuandika jina kwa mkono. Huonyesha orodha ya zilichosikia tu. Nacho kile kitufe cha `WPS` cha kuunganisha bila nenosiri, ruta nyingi hukizima zenyewe mara jina linapofichwa. Watu wengi hulifichua jina kwa muda, wakaunganisha printa, wakalificha tena, halafu wakashangaa printa imepotea umeme uliporudi. Ilijifunza mtandao unaojitaja, haijui kuita.

Na je, wajua kinachotokea siku fundi anapochoka, akaingia kwenye ruta na kulifichua jina moja kwa moja? Wafanyakazi hawataona tofauti. Simu zitaunganishwa kama jana. Lakini ruta haina namna ya kuzipa simu habari kwamba mambo yamebadilika. Kila iliyowekewa `Yes` itaendelea kuita `Ng'ambo Ofisini` kila iendako, hadi mwenyewe aguse `Forget`, kisha auchague mtandao upya kutoka kwenye orodha ambayo sasa jina limo.